Nywila Ni Sahihi, Mbona Inakataliwa?

Kuna lalamiko ambalo mafundi wa kompyuta na wahudumu wa wateja wamelisikia mpaka wamelizoea: "Kwenye simu naingia vizuri, kwenye kompyuta nakataliwa, na nywila ni ileile." Wengine hulileta likiwa limegeuzwa: kwenye kompyuta mlango unafunguka, kwenye simu unagoma. Mlalamikaji huapa kwamba hajakosea hata herufi moja, na kwa kadiri ya kile anachokiona kwenye kioo, anasema kweli. Wengi huishia kuambiwa wamesahau nywila, wabadilishe. Wanabadilisha, na baada ya siku chache wanarudi na lalamiko lilelile.

Mara nyingi mkosaji ni kibodi ya simu. Ile kibodi ya vidole inayotusaidia kuandika ujumbe haraka imefundishwa tabia tatu ambazo kwa barua ni msaada na kwa nywila ni hujuma: inakuza herufi ya kwanza ya sentensi, inabadilisha neno isilolijua kuwa neno inalolijua, na inaongeza nafasi tupu baada ya neno ili uendelee na linalofuata. Hiyo nafasi tupu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa ikikaa mwishoni mwa nywila haionekani kabisa.

Tuanze na jambo ambalo lingetakiwa kutulinda. Kibodi haifanyi mambo haya kila mahali. Kila kisanduku cha kuandikia kinapoguswa, programu huiambia kibodi ni kisanduku cha aina gani: cha namba ya simu, cha barua pepe, cha maandishi ya kawaida au cha nywila. Kibodi ikiambiwa ni cha nywila, hunyamaza. Haikuzi herufi, haisahihishi, haipendekezi maneno, na haiweki ulichoandika katika kamusi yake. Ndiyo maana ukiandika nywila huku vitone vyeusi vikitokea badala ya herufi, kwa kawaida uko salama. Ndiyo maana pia PIN ya M-Pesa haijawahi kumletea mtu balaa hili: pale kuna namba tupu, na hakuna kibodi inayosahihisha 4 kuwa 5.

Basi nywila inaharibikaje? Inaharibika pale kibodi inapokuwa haijui kwamba inashika nywila.

Njia ya kwanza ni lile jicho dogo lililo pembeni ya kisanduku, ambalo ukiligusa vitone vinageuka kuwa herufi. Nia yake ni njema: mtu aone anachoandika. Lakini katika kurasa nyingi za mtandao, mtengenezaji hufanya kazi hiyo kwa njia ya mkato. Akitaka herufi zionekane, anabadilisha tu aina ya kisanduku:

```html
<input type="password" name="siri">
<input type="text" name="siri">
```

Mstari wa kwanza ni kisanduku kilichofichwa, wa pili ni kilekile baada ya jicho kufunguliwa. Kwa mwandishi wa ukurasa hiyo ni tofauti ya mwonekano tu. Kwa kibodi, ile amri ya kunyamaza inaweza kuwa imefutwa, na kilichobaki ni kisanduku cha maandishi ya kawaida kama cha kuandikia salamu. Herufi ya kwanza inakuzwa. Mapendekezo yanajipanga juu ya kibodi. Baadhi ya vivinjari vya sasa hukumbuka kwamba kisanduku kilianza maisha yake kama cha nywila, hivyo huendelea kuinyamazisha kibodi, lakini si busara kukutegemea huko. Kejeli yake ni kwamba mtu mwangalifu, yule anayefungua jicho ili ahakikishe hakosei, ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko asiyejali.

Njia ya pili ni programu iliyotengenezwa kwa haraka, ambamo kisanduku cha nywila hakikutambulishwa hivyo tangu mwanzo. Hii siku hizi ni nadra, ingawa utaikuta katika programu ndogondogo za vyama, shule na maduka.

Njia ya tatu ni kunakili. Mtu amehifadhi nywila yake katika programu ya kuandikia kumbukumbu, au ametumiwa nywila ya muda kwa WhatsApp. Huko ilikoandikwa kwanza hapakuwa kisanduku cha nywila, kwa hiyo kibodi ilifanya ilivyotaka. Zaidi ya hapo, ukibonyeza neno kwa kidole ili kulinakili, ni rahisi uteuzi kuvuka ukingo wa neno na kubeba nafasi iliyo mbele yake. Ukibandika, kinabandikwa chote.

Hapa wasomaji wa Kiswahili wana mtego wao wa pekee. Chukua mtu ambaye nywila yake ina neno ng'ombe ndani. Kile kialama cha katikati, kwenye kibodi ya kompyuta, ni kistari kilichonyooka, na katika jedwali la herufi linalotumiwa na kompyuta zote kina namba 39. Tangu mwaka 2017, toleo la iOS 11 lilipotoka, simu za iPhone zina kipengele kinachoitwa `Smart Punctuation`, ambacho hukigeuza kialama hicho kuwa kile kilichopinda kama kinavyochapwa vitabuni. Hicho kina namba nyingine kabisa, 8217. Katika kisanduku cha nywila kipengele hiki hutulia, lakini ukiiandika nywila yako katika kumbukumbu za simu kisha ukainakili, unabeba kialama kilichopinda. Kwa jicho ni ng'ombe yuleyule. Kwa mfumo ni mnyama mwingine.

Sasa tufuate tukio moja hatua kwa hatua. Chukulia mfanyabiashara wa viungo mjini Unguja anafungua akaunti katika mtandao wa muuzaji wa jumla. Anatumia simu. Nywila aliyoichagua ni `karafuupemba`, herufi 12. Kusema kweli si nywila imara, ila inatutosha kwa mfano. Fomu inamtaka aandike nywila mara moja tu, kwa kuwa tovuti nyingi zimeondoa kile kisanduku cha pili cha kurudia na kuweka jicho badala yake. Anafungua jicho.

Anaandika k, na kibodi inaweka K kubwa, maana kwa mtazamo wake hapo ndipo sentensi inapoanza. Hajali, au haoni. Anaendelea mpaka mwisho. Kibodi yake imewekwa kwa Kiingereza, kama ilivyo kwa simu nyingi hapa kwetu, na neno "Karafuupemba" haijapata kuliona. Katika mstari wa mapendekezo inampa maneno yake ya Kiingereza, na upande mmoja inamwonyesha neno lake lenyewe kama alivyoliandika. Yeye, ili kuizuia isimharibie, anaigusa hiyo ya kwake. Ni kitendo cha mtu anayeijua simu yake. Lakini kugusa pendekezo maana yake, kwa kibodi nyingi, ni "neno limekwisha", na neno likiisha kibodi inaweka nafasi. Kibodi nyingine huichelewesha nafasi hiyo mpaka uandike herufi inayofuata, na ndiyo maana kosa hili huwapata watu wa simu fulani na kuwapita wa simu nyingine, hata wakifanya kitu kilekile.

Anabonyeza kitufe cha kujisajili. Kilichokwenda si `karafuupemba` yenye herufi 12, bali K kubwa, herufi 11 nyingine, na nafasi tupu moja: vipande 13. Kivinjari kinamuuliza kama kihifadhi nywila, naye anakubali. Kinahifadhi vipande vyote 13, bila kupunguza.

Kuanzia hapo simu yake inaingia kila siku bila tatizo, kwa sababu haandiki tena. Kivinjari kinajaza chenyewe kile kilichokosewa, na kilichokosewa ndicho kilichosajiliwa. Miezi inapita. Siku anayonunua kompyuta ya dukani anaketi, anaandika `karafuupemba` kwa utulivu, na anakataliwa. Anajaribu na K kubwa. Anakataliwa tena, kwani nafasi ya mwisho haipo. Hakuna mtu duniani ambaye jaribio lake la tatu litakuwa kuongeza nafasi tupu mwishoni. Baada ya majaribio kadhaa mfumo unamfungia kwa muda, kama mifumo mingi ifanyavyo, na sasa hata simu inakataliwa.

Anaomba kubadilisha nywila. Kiungo kinakuja kwa barua pepe, na barua pepe anaisoma wapi? Kwenye simu ileile. Anafungua jicho, anaandika nywila mpya kwa uangalifu mkubwa, anagusa pendekezo. Ndiyo maana nilisema wanarudi baada ya siku chache.

Mtu anaweza kuuliza: mfumo hauoni kwamba tofauti ni herufi moja iliyokuzwa na nafasi moja? Mbona hata mhudumu wa benki akiona jina limeandikwa "asha" badala ya "Asha" anaelewa? Jibu ni kwamba mfumo uliotengenezwa vizuri hauna nywila yako. Haujaihifadhi popote, kwa hiyo hauna cha kulinganisha herufi kwa herufi.

Wazo hili ni la zamani. Robert Morris na Ken Thompson, waliofanya kazi katika maabara za Bell huko Marekani, walilieleza mwaka 1979 walipoandika juu ya usalama wa nywila katika mfumo wa Unix. Badala ya kuhifadhi nywila, unaipitisha katika hesabu ya upande mmoja inayotoa mfululizo wa herufi na namba, ambao waandishi wa programu huuita hashi. Ni kama kusaga mahindi: kutoka punje unapata unga, kutoka unga hupati punje. Mfumo unahifadhi unga tu. Ukija kuingia, unasaga ulichoandika wakati huo na kulinganisha unga na unga. Mwizi akiiba kumbukumbu zote, anaondoka na unga.

Hesabu hiyo imeundwa kwa makusudi ili badiliko dogo kabisa likoroge jibu zima. Huu hapa mfano wa kweli wa hesabu iitwayo SHA-256, kwa neno lililo miongoni mwa nywila mbovu kuliko zote duniani, likiwa na herufi ndogo na kisha likiwa limekuzwa herufi ya kwanza:

```
password
5e884898da28047151d0e56f8dc6292773603d0d6aabbdd62a11ef721d1542d8

Password
e7cf3ef4f17c3999a94f2c6f612e8a888e5b1026878e4e19398b23bd38ec221a
```

Tazama mistari hiyo miwili. Hakuna dalili yoyote kwamba ilitoka katika maneno ambayo ni karibu pacha. P kubwa ina namba 80 katika jedwali la herufi, p ndogo ina 112, na kwa hesabu hiyo yatosha kuwa maneno mawili yasiyojuana. Nafasi tupu nayo ina namba yake, 32. Sisi tunaiona kuwa ni kutokuwepo kwa kitu. Kompyuta inaiona kuwa ni kitu sawasawa na herufi a. Mifumo ya leo huongeza vikolezo vingine, kama vile kuchanganya herufi za bahati nasibu kabla ya kusaga na kutumia hesabu za polepole, ila matokeo kwa mtu wetu wa Unguja ni yaleyale. Mfumo hauwezi kumwambia "umekaribia", kwa kuwa katika unga hakuna ukaribu.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Unix ya zamani ingemsamehe nafasi yake. Hesabu yake ya nywila ilisoma herufi 8 za mwanzo tu na kutupa zilizobaki, kwa hiyo nafasi iliyokaa mahali pa 13 isingefika popote. Hata hivyo, msamaha huo ulikuwa ni udhaifu. Maana yake aliyeandika `karafuup` angeingia pia.

Ujumbe wenyewe wa kukataliwa nao haumsaidii mtu. "Jina au nywila si sahihi," basi. Umeachwa bila ufafanuzi kwa makusudi, ili anayebahatisha asijue ni kipi alichopatia. Hilo nalikubali. Nisilolikubali ni ukurasa kushindwa kumwambia mtu, kabla hata ya kutuma, kwamba alichoandika kinaishia na nafasi tupu. Onyo hilo halifichui siri yoyote, maana linahusu kile ambacho mtu mwenyewe amekiandika sasa hivi. Kazi yake ni mistari michache ya programu.

Na kwa kweli mfumo unaweza kwenda mbali zaidi ya onyo bila kuvunja ile kanuni ya unga. Ukikataa nywila iliyoletwa, unaweza kuichukua hiyohiyo, ukaondoa nafasi ya mwisho, ukaisaga upya na kulinganisha. Ikikataa, unageuza ukubwa wa herufi ya kwanza na kusaga tena. Hujahitaji kuijua nywila ya kweli. Umejaribu tu, kwa niaba ya mteja, yale makosa mawili matatu ambayo kibodi huyafanya. Facebook ilithibitisha mwaka 2011 kwamba hufanya kitu cha namna hii: hupokea nywila kama ilivyo, au ikiwa herufi ya kwanza imekuzwa na simu, au ikiwa kubwa na ndogo zote zimegeuzwa kwa sababu mtu alisahau kuzima kitufe cha herufi kubwa.

Je, hilo halimrahisishii mwizi? Mwaka 2016 watafiti watano wakiongozwa na Rahul Chatterjee walilipima swali hili, wakihesabu makosa ya kuandika katika mfumo halisi wa kuingilia wa Dropbox, bila kurekodi nywila za watu. Waligundua kwamba karibu asilimia 10 ya kukataliwa kulitokana na makosa machache mepesi yanayoweza kurekebishwa na mfumo wenyewe, hasa ya herufi kubwa na ndogo. Waligundua pia kwamba asilimia 3 ya watumiaji wote walishindwa kabisa kuingia, ilhali wangeingia kama mfumo ungewarekebishia. Na kuhusu mwizi, hoja yao ilikuwa kwamba marekebisho machache yaliyochaguliwa kwa makini hayampi faida ya maana, kwa kuwa anayebahatisha naye amewekewa kikomo cha majaribio.

Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ambayo miongozo yake hufuatwa na waandishi wa programu wa nchi nyingi, imelainika polepole. Toleo la mwaka 2017 la waraka wake wa nywila, SP 800-63B, liliruhusu nafasi kadhaa zilizofuatana zihesabiwe kuwa moja. Toleo la 2025 limetaja waziwazi mambo yetu mawili: mfumo unaruhusiwa kuondoa nafasi za mwanzoni na mwishoni kabla ya kuhakiki, na kuvumilia herufi ya kwanza ikiwa kubwa au ndogo, mradi nywila isipungue urefu unaotakiwa. Ni ruhusa tu, si lazima. Mifumo mingi haijaitumia.

Iko pia mifumo inayojaribu kuwa na huruma na kuharibu zaidi, na hapa ndipo watengenezaji wetu wa Dar es Salaam na Nairobi wanapaswa kusikiliza. Kuondoa nafasi ya mwisho ni salama ikiwa unaiondoa pande zote: wakati wa kusajili na wakati wa kuingia. Ukiiondoa upande mmoja, umetengeneza mtego. Tuseme ukurasa wa kusajili unaiondoa na programu ya simu haiondoi. Mteja anasajili akiwa na nafasi, mfumo unaisafisha kimyakimya, kivinjari chake kinahifadhi ile isiyosafishwa, na tangu siku hiyo kila kinachojazwa chenyewe kwenye programu ya simu kinakataliwa.

Laravel, mojawapo ya zana zinazopendwa sana na waandishi wa tovuti, ina mtego huu kwa umbo ambalo linamgusa Mswahili moja kwa moja. Tangu toleo la 5.4 la mwaka 2017, huondoa nafasi za mwanzoni na mwishoni katika kila kisanduku kinachotumwa, isipokuwa visanduku vyenye majina haya:

```
current_password
password
password_confirmation
```

Visanduku hivyo huachwa vilivyo, kwa kuwa nywila haiguswi. Lakini ulinzi huo unakwenda kwa jina. Mwandishi anayependa lugha yake akikiita kisanduku `nywila`, Laravel haitajua kuwa ni nywila na itakisafisha. Ikiwa mwenzake aliyeandika sehemu ya programu ya simu alitumia `password`, upande mmoja unasafisha na mwingine hausafishi. Dawa si kuacha Kiswahili. Ni kuongeza jina `nywila` katika orodha ya visivyoguswa.

Kuhusu lile jicho, dawa nayo ni fupi. Kisanduku kikigeuzwa kuwa cha maandishi, kiambiwe pia kwamba kibodi inyamaze:

```html
<input type="text" autocapitalize="none" autocorrect="off"
       spellcheck="false" autocomplete="current-password">
```

Kwa wenye programu za Android ipo aina maalumu ya kisanduku kwa ajili ya nywila inayoonekana, na haina haja ya kubuni kitu kipya.

Turudi kwa asiyeandika programu, aliyeketi mbele ya kioo kinachomkataa. Kipimo cha kwanza ni kuhesabu. Ficha nywila kwa jicho, kisha hesabu vitone. Ikiwa nywila yako ina herufi 12 na vitone ni 13, umempata mgeni. Kipimo cha pili kinafaa pale vitone vinapochanganya macho: fungua jicho, weka kishale mwisho kabisa, bonyeza kufuta mara moja. Herufi ya mwisho ikitoweka, hapakuwa na nafasi. Kishale kikirudi nyuma na herufi zote zikabaki, ulichofuta ni nafasi tupu.

Ikiwa simu inaingia na kompyuta inakataliwa, usiichunguze kompyuta. Nenda kwenye orodha ya nywila zilizohifadhiwa na simu, uifungue ile ya tovuti husika, na uifanyie kipimo hichohicho cha kishale, ila usihifadhi badiliko lolote bado. Angalia pia herufi ya kwanza. Huko ndiko nywila halisi iliko, yaani ile ambayo mfumo unaijua. Ukikuta K kubwa na nafasi mwishoni, iandike hivyohivyo kwenye kompyuta, pamoja na nafasi yake, na mara nyingi mlango utafunguka.

Kabla hujafungiwa, usibahatishe zaidi ya mara mbili. Na ukiamua kubadilisha nywila, badilisha ukiwa kwenye kompyuta, au kama huna budi kutumia simu, acha jicho limefungwa na uandike kwa vitone. Ni kinyume cha ushauri uliozoeleka, lakini vitone ndivyo vinavyoinyamazisha kibodi. Ukimaliza, rudi kwenye orodha ile ya simu ufute nywila ya zamani kwa mkono wako. Vivinjari vingine huuliza kama visasishe, na mtu mwenye haraka hubonyeza "hapana". Kesho yake simu itajaza tena ile yenye K kubwa na nafasi mwishoni.